Mradi umekwama na bosi anasoma Kifaransa: barua ya kumpelekea, sentensi kwa sentensi

Kuna kisima kirefu kimechimbwa katika kijiji kimoja cha Wilaya ya Bahi, magharibi ya jiji la Dodoma. Mkataba unasema itafungwa pampu ya sola yenye uwezo wa kutoa mita za ujazo 6 kwa saa. Maji yakapimwa kwa saa 24 mfululizo, na kisima kikaonyesha kinaweza kutoa mita za ujazo 3.8 tu kwa saa. Ukifunga pampu ya 6, itavuta maji haraka kuliko yanavyoingia, itazunguka kavu na mota itaungua. Msambazaji amekubali kubadilisha apeleke pampu ndogo, ila anataka nyongeza ya mkataba iliyosainiwa. Nyongeza imelala kwenye ofisi ya manunuzi ya makao makuu Paris, wiki mbili sasa. Mkurugenzi anayeweza kuisukuma hasomi Kiswahili, na Kiingereza chake ni cha kusalimia. Mvua za Dodoma, ambazo ni za msimu mmoja, zinakaribia kuanza, na zikianza njia ya kufika kijijini haipitiki kwa lori.

Huu ni mfano tu, lakini hali ya namna hii inawakuta wengi wanaofanya kazi Dodoma kwenye mashirika na makampuni ambayo ofisi kuu ziko Ufaransa, Ubelgiji, Geneva au Abidjan, na hata wanaoshirikiana na wenzao wa Burundi na Kongo. Kifaransa cha darasani wanacho. Kinachowaangusha ni mambo machache mahsusi ambayo kitabu cha darasani hakikuyagusa, na karibu yote yanatokana na Kiswahili na Kiingereza kujipenyeza kwenye sentensi za Kifaransa bila mwandishi kujua. Tutaiandika barua ya kisima hiki kipande kwa kipande, tukisimama pale penye mtego.

Kwanza, jina la kitendo chenyewe. Anayefikiri kwa Kiingereza huandika kwamba anataka «escalader le problème». Kwenye baadhi ya ofisi, hasa za teknolojia, watu wamelizoea neno hilo, lakini kwa msomaji wa kawaida «escalader» ni kukwea mlima au kuparamia ukuta. Kifaransa cha kazini husema «faire remonter un point bloquant», yaani kulipandisha jambo lililokwamisha kazi. Neno «point bloquant» ni zuri kwa sababu halimtaji mtu. Halisemi nani kakosea, linasema tu pana kitu kimeziba njia.

Kichwa cha barua na mistari miwili ya kwanza

Mkurugenzi anafungua barua zake kwenye simu, kati ya kikao kimoja na kingine. Anachokiona kabla ya kufungua ni kichwa cha barua na labda mstari wa kwanza. Kwa hiyo mambo matatu lazima yawe hapo: ni mradi gani, una hali gani, na unamtaka afanye nini hadi lini. Kichwa kama «Problème urgent» hakina hata moja kati ya hayo.

```
Objet : Forage de Bahi – chantier à l'arrêt –
signature demandée au plus tard le vendredi 13 novembre
```

«Forage» ni kisima kirefu cha kuchimbwa kwa mashine, si «puits», ambacho ni kisima cha kuchimbwa kwa mkono na chenye mdomo mpana. Msomaji wa Kifaransa anayejua mambo ya maji atatofautisha mara moja, na ukikosea hapo ataanza kutilia shaka na mengine. «À l'arrêt» maana yake imesimama.

Kisha mwili wa barua unaanza na ombi lenyewe:

```
Madame,

Le chantier de Bahi est à l'arrêt depuis le 26 octobre.
Pour le relancer, j'ai besoin de votre signature
sur l'avenant ci-joint, au plus tard le vendredi
13 novembre à 12 h (heure de Paris).
```

Hapa desturi yetu inapata shida kidogo. Sisi hatumwendei mtu mzima na ombi kabla ya kumjulia hali, yeye na nyumbani kwake, kisha kazi, kisha hali ya hewa. Kwa mkurugenzi wa Paris ambaye hamjawahi kuonana, salamu ya mistari mitatu inalisukuma ombi chini, nje ya kioo cha simu. Ukiona ni ukavu kupita kiasi, «Bonjour Madame,» inatosha kulainisha. Kwa mkurugenzi wa Bujumbura au Abidjan hali ni tofauti: huko «Madame la Directrice,» ndiyo heshima, na sentensi moja ya kumtakia afya njema haimkeri mtu. Ila iwe moja.

Neno «avenant» ndilo nyongeza ya mkataba. Wengi huandika «amendement», kwa kuvutwa na Kiingereza. Hilo ni neno la bungeni, la kurekebisha muswada. Mtu wa manunuzi akisoma «amendement» ataelewa, lakini akitafuta faili hatalitafuta kwa jina hilo.

Kueleza kilichotokea bila kumshika mtu shati

Sehemu ya ukweli ndiyo ngumu zaidi, na ndiyo yenye mitego mibaya zaidi. Mtego wa kwanza ni neno «délai». Aliyepitia Kiingereza analiona na kudhani ni ucheleweshaji. Si hivyo. «Délai» ni muda uliopangwa au unaohitajika kumaliza jambo. Ucheleweshaji ni «retard». Ukiandika «nous avons un délai de deux semaines» ukikusudia kwamba mmechelewa wiki mbili, mkurugenzi anaelewa kwamba bado mna wiki mbili mbele yenu. Anafunga barua kwa amani na kwenda kula. Umemwambia kinyume kabisa cha ulichotaka, na kwa sarufi safi.

Mtego wa pili uko kwenye kitenzi, na huu ni wetu Waswahili. Sisi tunasema «kazi imesimama tangu tarehe 26». Ile «-me-» inatuvuta kuandika wakati uliopita: «le chantier a été arrêté depuis le 26 octobre». Kifaransa hakikubali. Jambo lililoanza zamani na bado lipo hadi sasa, pamoja na «depuis», huandikwa kwa wakati uliopo: «est à l'arrêt depuis», «j'attends depuis deux semaines». Ukitaka kutaja siku tu ambayo kazi ilisimamishwa, hapo wakati uliopita ni sahihi, lakini bila «depuis»: «le chantier a été arrêté le 26 octobre». Ukanushi nao una njia yake: «je n'ai pas reçu de réponse depuis le 2 novembre» ni sahihi, kwa sababu kupokea ni tendo la mara moja ambalo halijatokea. Na usiandike «pour deux semaines» kwa maana ya «kwa wiki mbili sasa». Msomaji ataelewa kwamba kazi imepangwa kusimama wiki mbili, yaani ni likizo.

Mtego wa tatu ni lawama. Katika rasimu ya kwanza, mtu aliyekasirika huandika «le service achats a refusé de répondre», ofisi ya manunuzi imekataa kujibu. Je, imekataa? Unachokijua ni kwamba hujapata jibu. Huenda barua ilikwenda kwa mtu aliye likizo. Mkurugenzi akimpigia mkuu wa manunuzi na kukuta hakuna aliyekataa, mjadala wote utageuka kuwa juu ya neno lako, na kisima kitasahaulika. Kiswahili kina njia nzuri ya kuepuka hili: tunasema «nyongeza haijasainiwa» bila kutaja mkono wa nani haujasaini. Kifaransa nacho kinayo, na ofisini kinaipenda:

```
L'avenant a été transmis au service achats
le 26 octobre. Une relance a été faite le 2 novembre.
Sauf erreur de ma part, il n'y a pas eu de réponse
à ce jour.
```

«Relance» ni kukumbusha kwa maandishi. «Sauf erreur de ma part», yaani isipokuwa nimekosea mimi, ni maneno matano yanayofanya kazi kubwa. Yanaiachia ofisi ya manunuzi mlango wa kutokea, na wakati huohuo tarehe mbili zimeshawekwa mezani. Mkurugenzi anayejua kusoma atahesabu mwenyewe siku 14 kati ya tarehe 26 Oktoba na tarehe 9 Novemba unapoandika. Huna haja ya kumhesabia kwa sauti ya juu.

Ulichokiona na ulichosikia

Hapa Kifaransa kina kifaa ambacho wengi hawakijui, na ndicho kinachoipa barua ya namna hii uaminifu. Kiswahili kikitaka kuonyesha kwamba habari ni ya kusikia, kinaongeza neno: «inasemekana», «nasikia», «eti». Kifaransa kinaweza kufanya hivyo ndani ya kitenzi chenyewe, kwa ile hali ya masharti wanayoiita «conditionnel». Magazeti ya Kifaransa yanaitumia kila siku.

Linganisha. «La pompe est en stock à Dar es Salaam» maana yake pampu ipo ghalani Dar es Salaam, nami nasimama na hilo. «Selon le fournisseur, la pompe serait en stock à Dar es Salaam» maana yake msambazaji anasema ipo, mimi sijathibitisha. Tofauti ni herufi chache, kutoka «est» hadi «serait». Lakini kesho pampu ikikosekana ghalani, barua ya kwanza imekufanya mwongo na ya pili imekuacha mtu mwangalifu. Kwa jambo lililokwisha kutokea tumia «aurait»: «le fournisseur aurait déjà réservé la pompe», inasemekana ameshaiweka kando.

Kuna pia hatari ya upande wa pili. Anayejua kwamba «conditionnel» ni lugha ya adabu huimwaga kila mahali, hadi kwenye mambo aliyoyapima mwenyewe. «Le forage donnerait 3,8 m³/h» inamwambia mkurugenzi kwamba hata wewe huamini kipimo chako. Matokeo ya kipimo cha saa 24 yaandikwe kwa «donne», wakati uliopo, bila kutetemeka:

```
L'essai de pompage de 24 heures, terminé le 20 octobre,
donne un débit de 3,8 m³/h. Le contrat prévoit
une pompe de 6 m³/h : à ce régime, elle tournerait à sec.
```

Hiyo «tournerait» ya mwisho ni ya aina nyingine. Inasema kitu ambacho kingetokea kama pampu kubwa ingefungwa, sawa na «-nge-» yetu. Msomaji hachanganyi, kwa kuwa sababu imetajwa palepale na hakuna «selon fulani» mbele yake.

Koma, nukta na bilioni

Tarakimu zinahitaji macho ya pili kabla ya kutuma. Sisi tunaandika shilingi 1,850,000 kwa koma na mita za ujazo 3.8 kwa nukta. Kifaransa kinageuza: koma ndiyo inayotenga desimali, na maelfu hutenganishwa kwa nafasi. Kwa hiyo 3,8 m³/h na 1 850 000 TZS. Namba kubwa yenye koma mbili mtu ataibashiri. Hatari ni ile yenye koma moja: «1,850 litres» kwa jicho la Kifaransa ni chini kidogo ya lita mbili.

Na kama bajeti ya mradi wenu inafika huko, kumbuka kwamba bilioni yetu, yenye sifuri tisa, kwa Kifaransa ni «milliard». Kifaransa pia kina neno «billion», lakini lina sifuri kumi na mbili. Mwenye bajeti ya bilioni 1.2 ataandika «1,2 milliard de shillings», la sivyo amejipa mara elfu ya alichonacho.

Pendekezo: moja mbele, jingine pembeni

Barua ya malalamiko inaishia kwenye shida. Hii lazima imkabidhi mkurugenzi kitu ambacho anaweza kukisaini. Na ili asaini, anahitaji kuona kwamba pampu ndogo bado itawatosha watu. Hapa hesabu ni fupi. Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 ililenga lita 25 kwa mtu kwa siku vijijini. Kijiji cha mfano wetu kina watu 800, kwa hiyo kinahitaji lita 20,000, yaani mita za ujazo 20. Pampu ya 3.5, ambayo iko chini kidogo ya uwezo wa kisima, ikipata jua kamili kwa saa sita itatoa mita za ujazo 21. Inatosha, ingawa kwa kubana, na kubana huko ni vizuri kukaonekana kuliko kukafichwa.

```
Je propose de remplacer la pompe de 6 m³/h par une pompe
de 3,5 m³/h. Avec six heures de plein soleil, elle fournit
21 m³ par jour, pour un besoin de 20 m³
(800 habitants à 25 litres).
Surcoût : 1 850 000 TZS, à imputer sur la ligne « imprévus ».
```

Neno la mwisho, «imprévus», ndiyo dharura kwenye bajeti. Kulitaja kunamwondolea mkurugenzi swali ambalo lingeichelewesha barua siku nyingine tatu: fedha inatoka wapi? Kama fungu hilo halina kitu, usiliandike. Tafuta kwanza fungu lenye kitu.

Kuhusu sarufi, «je propose de» ikifuatwa na kitenzi kisichonyambuliwa ndiyo njia salama. «Je propose que» inadai hali ya «subjonctif», «que nous remplacions», na wengi wanaanguka hapo. Hakuna anayekupa alama kwa kupita njia yenye miba.

Njia ya pili uitaje kwa sentensi moja, ili ajue umeifikiria: «Un second forage coûterait 38 000 000 TZS et demanderait environ trois mois, je ne le recommande pas.» Kisima cha pili ni ghali na kinachukua miezi. Sababu zimeshasomeka kwenye namba. Ukimpa njia tatu au nne zenye uzito sawa umempa kazi ya kufikiri, naye ataiweka kesho. Angalia pia neno «demander» hapo: hapa ni kuhitaji muda, na mahali pengine ni kuomba tu. Halina ukali wa kudai kama neno la Kiingereza linalofanana nalo. Kudai ni «exiger», na hilo usimwandikie bosi.

Siku na saa

Kwa nini Ijumaa tarehe 13? Kwa sababu bei ya msambazaji inaisha Jumatatu tarehe 16, na kwa sababu anahitaji siku kumi za kazi kufikisha pampu. Hapo kuna mtego mzuri. Kifaransa kina «jours ouvrés», siku ambazo ofisi iko wazi, kwa kawaida Jumatatu hadi Ijumaa. Kina pia «jours ouvrables», ambazo zinahesabu na Jumamosi. Siku kumi «ouvrés» kuanzia Jumatatu tarehe 16 zinaishia Ijumaa tarehe 27; «ouvrables» zinaishia Alhamisi tarehe 26. Kwa siku kumi tofauti ni ndogo. Kwa siku ishirini ni wiki nne dhidi ya wiki tatu na siku mbili, na fundi anaweza kufika kijijini kabla ya pampu yake. Njia bora ni kutaja tarehe yenyewe na kuachana na hesabu.

Sababu hiyohiyo inafanya «sous huit jours» kuwa neno la kuogopa. Kihalisi ni ndani ya siku nane, lakini katika mazungumzo ni wiki moja, na «quinze jours», siku kumi na tano, ni wiki mbili. Mkurugenzi akikujibu «sous quinze jours», usianze kuhesabu kwa vidole.

Saa nazo zina lake. Sisi saa nne asubuhi ni saa kumi kwa saa ya ukutani ya Mfaransa. Aliyezoea hugeuza bila kufikiri, lakini barua inayoandikwa usiku na mtu aliyechoka imewahi kuita kikao «à 4 heures». Andika «10 h», kisha useme ni saa ya wapi. Mwezi wa Novemba Paris iko nyuma ya Dodoma kwa saa mbili, na wakati wa kiangazi chao iko nyuma kwa saa moja. Saa 12 mchana ya Paris tuliyoiweka kwenye barua, kwetu ni saa nane mchana, na ofisi ya Dodoma bado ina nafasi ya kuituma nyongeza kwa msambazaji siku hiyohiyo. Kama ungeweka saa 18 ya Paris, huku ingekuwa saa mbili usiku wa Ijumaa.

Sasa matokeo ya kusaini na kutosaini:

```
Si vous signez vendredi, la pompe est livrée
le 27 novembre et posée avant les pluies.
Sinon, le devis expire le 16 novembre et la piste
peut devenir impraticable dès décembre.
```

Baada ya «si» inakuja «signez», wakati uliopo. Mswahili anayesema «kama utasaini» anavutwa kuandika «si vous signerez», na hilo ni kosa ambalo Mfaransa analisikia kama jiwe kwenye wali. Na angalia «peut devenir»: njia inaweza kuharibika. Mvua haijasaini mkataba na mtu, kwa hiyo usiandike «sera impraticable» kana kwamba una tarehe yake.

Malizia kwa «Bien cordialement,» na jina lako. Ile tamati ndefu ya «Je vous prie d'agréer» ni ya barua rasmi ya karatasi au ya wakubwa wanaotarajia hivyo. Ukiitumia, cheo ulichokitaja mwanzoni, kama «Madame la Directrice», lazima kirudi ndani yake neno kwa neno. Na barua nzima iende kwa «vous». Hata kama yeye amekuandikia «tu», subiri akualike.

Baada ya kutuma

Kuna sentensi inayopendwa sana kwenye ofisi za Kifaransa: «Sauf avis contraire de votre part d'ici vendredi, je lance la commande.» Usiponizuia hadi Ijumaa, naagiza. Kwa mambo madogo, kama kubadili siku ya kikao, ni nzuri na inaokoa muda. Kwa fedha na kwa saini usiitumie. Ukimya wa mkurugenzi si saini, na msambazaji hawezi kuuweka kwenye faili.

Kama hadi Jumatano jioni hakuna neno, jibu juu ya barua yako ileile, usianzishe mpya, kwa mstari mmoja: «Je me permets de revenir vers vous au sujet de l'avenant de Bahi, l'échéance reste fixée à vendredi 12 h.» Kisha piga simu. Mfaransa akishaona barua mbili kabla ya simu, simu haimshtui.

Jibu likija, lisome polepole kabla ya kumpigia msambazaji. «Bien reçu» ni kwamba barua imefika, basi. «C'est noté» na «je prends note» ni kwamba ameona, bado hajasema ndiyo. «Je reviens vers vous» ni kwamba atarudi, na hakusema lini. «Je vais éventuellement signer» si kwamba hatimaye atasaini, kama Kiingereza kinavyokudanganya, bali ni huenda akasaini. «Accord de principe» ni kukubali wazo huku masharti yakiwa hayajafungwa. Inafurahisha kuisoma, ila ghalani haifungui mlango. Unachokisubiri ni nyongeza iliyorudi ikiwa na tarehe, saini, na juu ya saini maneno matatu ambayo desturi ya Kifaransa huyaandika kwa mkono: «Bon pour accord». Hiyo ndiyo karatasi ya kumtumia msambazaji Dar es Salaam, na siku zake kumi zinaanza kuhesabiwa Jumatatu.